Kusaga Meno Usingizini: Jino Linapouma Bila Kutoboka

Wakazi wengi hufika katika kliniki ya meno wakiwa na ombi moja: jino ling'olewe. Mara nyingi jino hilo limeoza na hakuna njia nyingine. Lakini wako wengine ambao jino lao linauma ilhali halina tundu, halina usaha na ufizi haujavimba. Kwa baadhi yao, chanzo cha maumivu ni jambo linalotokea usiku wakiwa wamelala, nalo ni kusaga meno. Jino kama hilo likiondolewa, usagaji huendelea kama kawaida na mzigo huhamia kwenye meno yaliyobaki.

Makala haya yanaeleza kwa nini mtu husaga meno akiwa usingizini, alama ambazo usagaji huacha mdomoni, na jinsi kinga ya meno inayovaliwa usiku inavyosaidia. Yanaeleza pia mambo ambayo kinga hiyo haiwezi kufanya.

Jino lililotaka kung'olewa

Chukua mfano wa mama mwenye umri wa miaka 42 anayeuza mboga sokoni. Huamka saa kumi usiku ili awahi magari ya mazao, na hunywa vikombe kadhaa vya kahawa kwa siku ili asisinzie. Kwa miezi mitatu gego lake la chini upande wa kulia limekuwa likimuuma. Maumivu huwa makali asubuhi, hupungua kufikia adhuhuri, na hurudi kesho yake. Maji baridi humchoma. Jino la jirani lilizibwa mwaka uliopita, lakini kizibo kimeshavunjika mara mbili. Anapofika hospitalini anamwambia daktari wa meno kuwa amechoka na anataka gego hilo litolewe.

Kabla ya kushika koleo, daktari anamuuliza maswali machache. Je, anapoamka huhisi taya zimechoka? Ndiyo, na kichwa humuuma kwenye vipanja. Je, kuna mtu anayelala naye chumba kimoja? Ndiyo, binti yake, ambaye hulalamika kwamba mama husikika usiku kama mtu anayetafuna changarawe. Mama huyo alidhani ni mzaha wa watoto.

Daktari anaukagua mdomo. Gego halijatoboka. Lakini vilele vya magego, ambavyo kwa kawaida huinuka kama vilima vidogo, vimelazwa na kung'aa. Chonge ya juu imekatika ncha. Mama anapoombwa kusogeza taya ya chini upande wa kulia, bapa lililo kwenye chonge ya chini linaikuta chonge ya juu sawasawa, kama ufunguo na kufuli.

Kisha daktari anambonyeza kwa kidole msuli mnene wa shavuni, ule unaotuna mtu anapouma meno. Mama anashtuka: maumivu aliyokuwa akiyahisi kwenye gego yanatokea papo hapo, ingawa gego lenyewe halijaguswa. Msuli huo ukichoka unaweza kupeleka maumivu kwenye magego, na mtu akaapa kuwa ni jino. Picha ya eksirei inathibitisha kwamba mizizi ya gego ni mizima. Hakuna sababu ya kuling'oa.

Kinachotokea usiku

Kusaga meno usingizini si tabia ambayo mtu anaichagua, na wala si dalili ya hasira au ya kuota vita. Usingizi wa kawaida hupanda na kushuka. Kuna nyakati nyingi usiku ambapo ubongo huinuka kidogo kuelekea kuamka kwa sekunde chache, kisha hushuka tena bila mwenyewe kufahamu. Kwa watu wanaosaga meno, mpando huo huandamana na mapigo ya moyo kuongezeka, halafu misuli ya taya hukaza na kulegea kwa mfululizo kama ya mtu anayetafuna. Baada ya sekunde kadhaa hali hutulia. Hili hutokea zaidi katika usingizi mwepesi na linaweza kujirudia mara nyingi kabla ya kucha.

Tofauti na kutafuna chakula ni kwamba hapa hakuna kitu kati ya meno. Mchana, meno ya juu na ya chini hugusana kwa dakika chache tu kwa jumla, hasa wakati wa kumeza. Mdomo ukitulia, midomo hufungwa lakini meno huwa yameachana kidogo. Usiku, kwa anayesaga, jino husugua jino kwa nguvu, na tahadhari inayomfanya mtu aache kuuma anapokuta kijiwe kwenye wali huwa imelala pamoja naye.

Kwa watu wazima, karibu 8 kati ya kila 100 husaga meno usingizini. Hakuna chanzo kimoja kinachoeleza wote. Hali hii huonekana katika baadhi ya familia kuliko nyingine. Msongo wa mawazo huizidisha. Vivyo hivyo kahawa nyingi, pombe hasa karibu na saa za kulala, na sigara. Baadhi ya dawa za kutibu sonona pia zinaweza kuianzisha. Mgonjwa anayetumia dawa hizo asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, bali amweleze daktari aliyemwandikia ili kipimo au aina ya dawa iangaliwe upya.

Jambo jingine la kuangaliwa ni pumzi. Mtu anayekoroma sana, ambaye pumzi yake husikika ikikatika kisha akavuta hewa kwa kishindo, na ambaye husinzia mchana hata baada ya kulala saa nyingi, anaweza kuwa na ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Ugonjwa huo huonekana mara nyingi pamoja na kusaga meno. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuonana na daktari wa kawaida kabla ya kutengenezewa kinga ya meno, kwa sababu baadhi ya kinga zinaweza kuizidisha shida ya kupumua.

Zamani iliaminika kwamba watu husaga meno kwa sababu meno yao hayakupangana vizuri, na wengine walisuguliwa meno kwa mashine ili yakutane sawa. Leo mpangilio wa meno hauhesabiwi kuwa chanzo kikuu. Mkazi akiambiwa kwamba dawa ya kusaga meno ni kupunguzwa meno yenyewe, anafaa kutafuta maoni ya daktari mwingine kabla ya kukubali, kwani kinachoondolewa hakirudi.

Je, ni minyoo?

Katika nyumba nyingi, mtoto akisikika akisaga meno usiku, jibu la kwanza ni kwamba ana minyoo. Kumpa mtoto dawa ya minyoo kwa ratiba ya kituo cha afya ni jambo jema kwa sababu nyinginezo. Lakini kusaga meno peke yake si ushahidi wa minyoo, na mzazi asishangae mtoto akiendelea kusaga baada ya kumeza dawa.

Watoto wengi husaga meno wakiwa bado na meno ya utotoni, na wengi wao huacha wenyewe meno ya ukubwani yanapoota. Kwa kawaida hawatengenezewi kinga, kwa kuwa taya bado zinakua na kinga ngumu ingezibana. Mzazi ampeleke mtoto kuangaliwa ikiwa analalamika kwa maumivu, meno yanavunjika au anakoroma kila usiku.

Alama kwenye meno

Jino limefunikwa kwa gamba jeupe linaloitwa enameli, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Hata pale lilipo nene zaidi, kwenye vilele vya magego, unene wake ni kama milimita mbili na nusu tu. Mfupa ukivunjika huunga kwa sababu una chembe hai ndani yake. Enameli haina chembe hai. Iliyosagika imekwenda, na hakuna dawa ya meno, maziwa wala kidonge kitakachoirudisha.

Chini ya enameli kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na yenye rangi ya manjano. Dentini ina vijitundu vingi vinavyoelekea kwenye mshipa wa jino. Ndiyo maana mtu aliyesaga meno hadi kuifikia huanza kuchomwa na maji baridi au chai ya moto. Tangu hapo jino huisha kwa kasi zaidi, kwa sababu sehemu ngumu imeshapita.

Alama ya kwanza ya kutazama ni mabapa. Mkazi anaweza kujiangalia kwenye kioo mchana, mahali penye mwanga wa kutosha. Ncha za chonge zimekatika? Meno ya mbele yamekuwa sawa kama yaliyopigwa rula? Kuna doa la manjano katikati ya bapa? Jambo muhimu ni kwamba mabapa ya kusaga huja kwa jozi: bapa la juu lina mwenzake wa chini, na yakisogezwa hukutana.

Jozi hiyo ndiyo inayotofautisha kusaga na mambo mengine yanayokula meno. Asidi ya soda, ndimu, au ile inayopanda kutoka tumboni kwa mtu mwenye kiungulia, huacha mashimo laini kama vikombe, tena hata mahali ambapo meno hayagusani. Mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu huchonga mfereji upande wa nje wa jino, karibu na ufizi. Nayo rangi ya kahawia ambayo wakazi wengi wa Bonde la Ufa wanaifahamu hutokana na floridi nyingi katika maji waliyokunywa utotoni, wala haina uhusiano na kusaga. Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya jambo moja kwa pamoja, na ndiyo sababu uamuzi wa mwisho ni wa daktari.

Alama nyingine ziko nje ya meno. Kingo za ulimi zinaweza kuwa na mikunjo yenye umbo la meno, na ndani ya shavu kukawa na mstari mweupe pale meno yanapokutana. Msuli wa shavuni unaweza kunenepa pande zote mbili hadi uso ukaonekana wa mraba. Vizibo huvunjika kila mara bila sababu inayoeleweka. Na mtu anayelala karibu huwa shahidi bora kuliko mwenye meno, ambaye mara nyingi hana habari kabisa.

Ikumbukwe pia kwamba mabapa ni kumbukumbu ya yaliyopita. Jino linaweza kuwa limesagika miaka kumi iliyopita na mwenyewe akawa ameshaacha. Kwa hiyo daktari haangalii meno pekee, bali huuliza kuhusu maumivu ya asubuhi, misuli na sauti ya usiku kabla ya kuamua.

Jinsi kinga inavyotengenezwa

Mama muuza mboga hakung'olewa jino. Siku hiyo daktari alilainisha ncha ya chonge iliyokuwa ikimkwaruza, akaziba upya jino la jirani, kisha akachukua chapa ya meno yake. Chapa huchukuliwa kwa trei ndogo iliyojazwa unga maalumu uliokorogwa na maji hadi ukawa mzito kama uji wa mtoto. Trei hukaa mdomoni kwa dakika mbili au tatu hadi mchanganyiko ushikamane kama mpira, kisha hutolewa. Ndani ya chapa hiyo humwagwa plasta, na plasta ikikauka huwa sanamu kamili ya meno.

Fundi wa maabara ya meno hutumia sanamu za juu na za chini kutengeneza kinga kwa akriliki ngumu inayopitisha mwanga. Kinga hufunika meno yote ya taya moja, mara nyingi ya juu, na unene wake ni kama milimita mbili au tatu. Uso unaokutana na meno ya upande wa pili huwa bapa na laini.

Mama aliporudi baada ya wiki moja, hakukabidhiwa kinga na kuambiwa aende. Daktari alimvalisha, akaweka kati ya kinga na meno ya chini karatasi nyembamba yenye rangi, inayofanana na ile ya kaboni, na kumwambia aume. Palipogusa kwa nguvu pakabaki doa zito. Daktari alisugua doa hilo kidogo, akajaribu tena, hadi madoa yakawa mepesi na yakaenea sawa pande zote mbili. Hatua hii ndiyo inayofanya kinga iwe kinga. Isiyosawazishwa hukusanya nguvu yote kwenye jino moja au mawili, na mgonjwa huamka na maumivu mapya.

Inachofanya na isichofanya

Kinga hukaa kati ya meno kama pedi za breki kati ya chuma na chuma. Misuli ikikaza usiku, kinachosuguliwa ni akriliki, ambayo ni laini kuliko enameli na inaweza kutengenezwa nyingine. Nguvu ya kuuma, badala ya kuangukia kilele kimoja cha jino, hugawanywa kwenye meno yote. Kwa wengi, taya huamka zikiwa zimechoka kidogo kuliko awali.

Lakini kinga haizuii kusaga. Mama muuza mboga alipomrudia daktari baada ya miezi sita, kinga yake ilikuwa na mikwaruzo na vijibonde vilivyoonyesha wazi kwamba bado anasaga. Hakukuwa na sababu ya kukata tamaa, kwa kuwa mikwaruzo hiyo ingekuwa kwenye meno yake. Gego lilikuwa limetulia, kizibo kilikuwa mahali pake, na hakukuwa na bapa jipya. Maji baridi bado yalimchoma kidogo, kwa sababu kinga hairudishi gamba lililokwisha. Alikuwa pia ameacha kahawa ya jioni, na mchana kila alipojikuta ameuma meno aliyaachanisha na kulegeza taya.

Kinga za bei nafuu zinazolainishwa kwa maji moto na kuumwa nyumbani hutengenezwa hasa kwa ajili ya wanamichezo. Zinaweza kusaidia kwa muda mfupi, lakini ni laini, hutobolewa haraka na msagaji mzito, na baadhi ya watu huzitafuna zaidi badala ya kutulia. Hatari kubwa iko kwenye zile zinazofunika meno machache tu. Meno yaliyoachwa nje yanaweza kusogea polepole, hadi siku moja mtu akagundua kwamba meno yake hayakutani kama zamani.

Utunzaji

Kinga huvaliwa kila usiku baada ya kupiga mswaki. Asubuhi huoshwa kwa mswaki laini, maji baridi na sabuni ya kawaida. Dawa ya meno huikwaruza, na maji ya moto huipinda umbo. Ihifadhiwe kwenye kikopo chenye matundu ya hewa, mbali na jua na mbali na mbwa, ambao hupenda kuitafuna.

Usiku wa kwanza mate huwa mengi na mdomo huhisi umejaa. Hali hiyo huisha baada ya siku chache. Lakini kinga ikiuma jino moja, ikicheza, ikipasuka, au meno yakishindwa kukutana vizuri kwa muda mrefu kila asubuhi, mgonjwa asiivumilie wala kuisugua mwenyewe kwa kisu au msasa. Airudishe kwa aliyeitengeneza. Vilevile, mtu akizibwa jino au kuvishwa jino jipya, aende na kinga yake siku hiyo ili ikaguliwe kama bado inaingia.

Pa kuanzia

Mkazi mwenye dalili zilizotajwa anaweza kuanza kwa afisa wa afya ya kinywa au daktari wa meno katika hospitali iliyo karibu naye. Ambapo hakuna maabara ya meno, ataandikiwa barua ya rufaa. Ni vyema aulize mapema gharama ya kinga na sehemu ambayo bima yake ya afya inagharamia, kisha ndipo chapa ichukuliwe. Anayetibiwa katika kliniki ya kibinafsi ahakikishe mhudumu amesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini, na ajihadhari na mafundi wa mitaani wanaotengeneza meno na kinga bila mgonjwa kukaguliwa.

Kabla ya kwenda, aandike mambo manne: saa ambayo maumivu huwa makali, dawa anazotumia, kama anakoroma, na anachosikia mtu anayelala naye. Akiwa na majibu hayo, na akimwomba daktari aangalie misuli ya taya na jozi za mabapa kabla ya kutoa jino lisilo na tundu, huenda akarudi nyumbani na jino lake.